Kijitabu cha jenereta kinachosomeka ukiwa umesimama: kugawa maelezo yaliyosongamana kuwa hatua, visanduku vya onyo na faharasa

Kijitabu cha jenereta hakisomwi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umeme umekatika saa mbili usiku, mtu ameshika tochi ya simu mkono mmoja na kijitabu mkono mwingine, na anatafuta jambo moja tu. Akikutana na aya ya mistari kumi na tano isiyo na pa kushika, atakiweka chini na kuvuta kamba kwa kubahatisha. Mwongozo huu ni kwa anayeandika, anayetafsiri au aliyepewa kazi ya kupanga upya kijitabu cha namna hiyo. Nitatumia mfano mmoja, jenereta ndogo ya petroli ya majumbani na madukani, kwa sababu ina hatari za kweli na maneno yanayochanganya watu.

Aya tutakayoishughulikia ni hii. Nimeitunga kwa mtindo wa vijitabu vingi vinavyokuja ndani ya maboksi:

> Kabla ya kuwasha jenereta inapaswa kuhakikishwa kuwa kiwango cha mafuta ya injini ni sahihi na tangi lina mafuta ya kutosha, na kwamba jenereta imewekwa mahali penye hewa ya kutosha kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi ambayo ni hatari kwa afya. Vifaa vyote vichomolewe, koki ya mafuta ifunguliwe, swichi iwekwe kwenye ON na choki ifungwe (isipokuwa injini ikiwa na joto), kisha kamba ivutwe taratibu hadi uzito usikike ndipo ivutwe kwa nguvu, na isiachiwe ghafla. Choki huongeza kiasi cha petroli katika mchanganyiko wa petroli na hewa ili injini baridi iweze kuwaka, hivyo ifunguliwe polepole injini inapopata joto. Mafuta yasiongezwe injini ikiwa inafanya kazi au ina joto kwani yanaweza kushika moto. Jenereta isiunganishwe na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia kwani inaweza kusababisha ajali.

Hakuna kosa la kiufundi humo. Kila sentensi ni kweli, na bado aya nzima haitumiki.

## Kwanza, paka rangi

Usianze kuandika. Chapisha aya kwenye karatasi na uchukue kalamu tatu za rangi. Rangi ya kwanza ni ya maneno yanayomwambia mtu afanye jambo: vichomolewe, ifunguliwe, ivutwe. Ya pili ni ya yale yanayotaja madhara: sumu, moto, ajali. Ya tatu ni ya maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi au kwa nini, kama ile sentensi ya choki.

Ukimaliza utaona tatizo kwa macho. Rangi zimechanganyika mstari kwa mstari, na onyo kubwa kuliko yote, la gesi inayoua, limejificha katikati ya sentensi inayoanza na oili. Utaona pia kwamba aya moja imebeba kazi nne tofauti: kuweka jenereta mahali pake, kukagua oili, kutia petroli, na kuwasha. Mtu aliyekwishatia petroli asubuhi hahitaji kupita hapo tena jioni.

Sasa kila rangi inakwenda kwake. Ya kwanza inakuwa hatua zenye namba, ya pili inakuwa visanduku. Ya tatu ina njia tatu: ikimsaidia mtu kufanya hatua vizuri, ibaki kwenye hatua kwa maneno machache, ikieleza kitu ni nini, iende kwenye faharasa, isiposaidia popote, ifutwe. Hii ya tatu ndiyo inayouma waandishi, hasa wahandisi, kwa sababu ndiyo waliyoipenda zaidi.

## Hatua zenye namba

Kila kazi ipewe kichwa chake, na kichwa kiseme lengo la msomaji kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia. "Taratibu za uendeshaji wa awali" haimwambii mtu kitu. "Kuwasha injini ikiwa baridi" inamwambia kwamba amefika.

Chini ya kichwa, anza kila hatua na kitenzi cha kuamuru: fungua, vuta, chomoa. Mtindo wa "inapaswa kufunguliwa" huficha mtendaji. Msomaji anaweza kudhani kwamba koki inajifungua au kwamba fundi alishaifungua dukani. Jihadhari zaidi na neno "hakikisha". Linaonekana kama amri, lakini halisemi mkono ufanye nini. "Hakikisha kiwango cha oili ni sahihi" ni jina la kazi nzima ambayo bado hujaieleza. Ukiieleza, inakuwa hivi:

Kukagua oili

1. Weka jenereta mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa.
2. Fungua kifuniko cha oili chenye kijiti na ukifute kijiti kwa kitambaa kikavu.
3. Rudisha kijiti kwenye tundu bila kukizungusha, kisha kitoe tena.
4. Angalia alama ya oili kwenye kijiti. Ikiwa iko chini ya mstari wa chini, ongeza oili kidogokidogo hadi ifike mstari wa juu.
5. Rudisha kifuniko na ukikaze.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa imemezwa na "hakikisha". Katika injini nyingi ndogo kijiti hupimwa bila kukazwa. Anayekikaza kabla ya kupima huona oili nyingi kuliko iliyopo. Zipo injini ambazo hupimwa kikiwa kimekazwa, kwa hiyo muulize mtengenezaji, au mwombe fundi akuoneshe kwa injini hiyohiyo, kisha uandike jibu moja. Kijitabu hakina nafasi ya "kwa kawaida".

Hatua moja ibebe tendo moja. Matendo mawili yanaweza kukaa pamoja kama mkono hauondoki hapo, kama "fungua kifuniko na ukifute kijiti". Matendo ya sehemu mbili tofauti za mashine yatenganishwe, kwa sababu mtu husoma, huinama kutenda, kisha hurudisha macho kwenye karatasi akitafuta namba. Akikuta nusu ya hatua haijafanywa, ataikosa.

Sharti litangulie tendo. "Funga choki, isipokuwa injini ikiwa na joto" humfanya mtu afunge choki kwanza ndipo ajue hakupaswa. Andika: "Ikiwa injini ni baridi, funga choki." Na pale ambapo mtu hawezi kujua kama amefanikiwa, mpe dalili ya kuona au kusikia, chini ya hatua, bila namba, maana si tendo. Kazi ya kuwasha inatoka hivi:

Kuwasha injini ikiwa baridi

1. Chomoa vifaa vyote kwenye soketi za jenereta.
2. Fungua koki ya petroli.
3. Funga choki.
4. Weka swichi ya injini kwenye ON.
5. Vuta kamba taratibu hadi uhisi uzito.
6. Vuta kamba kwa nguvu na kwa haraka, kisha irudishe ukiwa bado umeishika.
   Injini ikikataa, rudia hatua ya 5 na 6.
7. Injini ikishawaka, fungua choki kidogokidogo inavyopata joto.
   Mlio unatulia na haupandi wala kushuka.
8. Chomeka vifaa kimoja baada ya kingine, ukianza na kikubwa.

Hatua nane, na kila moja inasomeka kwa pumzi moja. Zikizidi kumi, mara nyingi kuna kazi mbili zimeunganishwa. Tafuta mahali ambapo mtu anaweza kusimama kwa usalama na ukate hapo. Kuwasha injini yenye joto nako kunatofautiana kwa hatua moja au mbili tu, na hapa waandishi hubishana: urudie orodha nzima, au useme "fuata hatua za juu ila usifunge choki"? Mimi ningerudia. Karatasi ya ziada ni rahisi kuliko kumfanya mtu mwenye tochi aruke namba kichwani.

Kumbuka pia kwamba namba ni za mambo yanayofuatana. Orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya boksi haina mpangilio, haihitaji namba. Ukiweka namba kila mahali, msomaji hatajua ni wapi mpangilio una maana.

Jambo la kompyuta: tumia orodha ya namba ya programu yenyewe, usiandike namba kwa mkono. Katika Word, bonyeza kitufe cha kulia juu ya namba na uchague `Restart at 1` kila kazi mpya inapoanza, la sivyo kazi ya pili itaanzia 6 na hakuna atakayegundua hadi kijitabu kichapwe. Vichwa vyote vya kazi vipewe mtindo wa `Heading 2`, ili yaliyomo mwanzoni mwa kijitabu yajipange yenyewe.

## Visanduku vya onyo

Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.6, kinachohusu maonyo ndani ya vijitabu vya bidhaa, hutumia ngazi nne za maneno, na ngazi hizo zinafaa hata kwa kijitabu kisichouzwa huko. Ninazitumia kwa Kiswahili hivi. HATARI ni pale ambapo asiyeepuka atakufa au kuumia vibaya. ONYO ni pale ambapo anaweza kufa au kuumia vibaya. TAHADHARI ni majeraha madogo au ya wastani. ANGALIZO ni uharibifu wa mashine au mali, bila mtu kuumia. Rangi zake za kawaida ni nyekundu, ya machungwa, njano na buluu, na pembetatu yenye alama ya mshangao huwekwa kwenye tatu za kwanza tu. Chagua maneno yako manne, yaeleze kwenye ukurasa wa kwanza, na usiyabadilishe tena. Kijitabu kinachosema "hatari" hapa na "onyo kali" pale kwa jambo lilelile kinamfundisha msomaji kupuuza vyote.

Usitegemee rangi peke yake. Kijitabu kikipotea, nakala itatolewa dukani kwa mashine ya fotokopi, nyeusi na nyeupe. Fremu nene na neno lenyewe kwa herufi kubwa ndivyo vitakavyosalia.

Ndani ya kisanduku, sema mambo matatu: kuna nini, kitakufanya nini, na uepuke vipi. Maneno ya aya yetu, "hatari kwa afya", yanashindwa katika jambo la pili. Hata uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya. Gesi hii inaua familia iliyolala. Marekani, tangu 2007, kila jenereta ndogo inayouzwa hulazimika kuwa na lebo inayosema waziwazi kwamba kuitumia ndani ya nyumba kunaweza kuua kwa dakika chache, hata milango na madirisha yakiwa wazi. Hicho kipande cha mwisho ni cha muhimu kwetu pia, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu hujiambia: nimefungua dirisha, inatosha.

> ⚠ HATARI: Moshi wa jenereta unaua
> Moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Inaweza kuua kwa dakika chache.
> Usiwashe jenereta ndani ya nyumba, duka, stoo, gereji au kwenye baraza, hata milango na madirisha yakiwa wazi.
> Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, moshi ukielekea mbali na nyumba.

Aya ya awali ilisema "mahali penye hewa ya kutosha". Hewa ya kutosha haipimiki. Mita 6 zinapimika kwa hatua za miguu.

Kisanduku kikae kabla ya hatua yenye hatari, si baada yake wala kwenye kurasa za mwanzo peke yake. Onyo la moshi liko juu ya kazi ya kuweka jenereta mahali pake. La moto liko juu ya kazi ya kutia petroli, kwa sababu hapo ndipo mtu ana dumu mkononi:

> ⚠ ONYO: Petroli inaweza kulipuka kwa moto
> Petroli ikimwagikia injini yenye joto inaweza kushika moto na kukuunguza vibaya.
> Zima injini na uiache ipoe kabla ya kufungua kifuniko cha tangi. Usijaze hadi shingoni.

La nyaya za nyumba linahitaji kisanduku chake kwenye sehemu ya kuunganisha vifaa. "Inaweza kusababisha ajali" haisemi ajali ya nani. Mtu anayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme kwenye laini ya mtaani, na anayeweza kufa ni fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini haina umeme. Liandike hivyo. Watu wengi huacha jambo wanapojua linamdhuru mtu mwingine ambaye hawamwoni.

Na "kamba isiachiwe ghafla"? Hapa mwandishi anapaswa kujizuia. Kamba ikiachiwa huharibu mashine, na tayari hatua ya 6 inasema uirudishe ukiwa umeishika. Onyo lililoingia ndani ya tendo halihitaji kisanduku. Ukurasa wenye visanduku vitano hausomwi hata kimoja. Kigezo changu ni kuuliza: mtu akifuata hatua zote sawasawa, bado anaweza kuumia kwa kutojua jambo hili? Kama hapana, kisanduku kiondoke.

Usiweke hatua ndani ya kisanduku. Mtu anayefuata namba huruka fremu na kutafuta namba inayofuata, kwa hiyo tendo la lazima lililomo ndani ya fremu litarukwa. "Zima injini na uiache ipoe" iko kwenye kisanduku cha petroli, na iwe pia hatua ya 1 ya kazi ya kutia petroli. Kurudia huku ni kwa makusudi.

Ili kisanduku kisikatike kati ya kurasa mbili, kitengeneze kama jedwali la seli moja, na kwenye mipangilio ya safu uondoe alama ya `Allow row to break across pages`. Kisha weka `Keep with next` ili kisitengane na hatua inayoifuata. Onyo lililobaki chini ya ukurasa wa kulia huku hatua yake iko nyuma ya karatasi limepoteza kazi.

## Faharasa

Faharasa huandikwa mwisho, lakini maneno yake huamuliwa mapema, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kumbana mwandishi. Pitia kijitabu kizima na uorodheshe kila jina la sehemu ya mashine. Katika aya yetu kuna migongano mitatu. "Mafuta" ni ya injini katika sentensi ya kwanza, ni petroli nusu mstari baadaye, na kwenye onyo la moto msomaji aamue mwenyewe. Anayetia petroli kwenye tundu la oili ataharibu injini akiwa ametii kijitabu. "Swichi" ni ya kuwashia injini, na pia ni ile ya kubadilishia umeme wa nyumba. Na kwingine kwenye vijitabu hivi "plagi" huwa ile inayotoa cheche na pia ile ya mwisho wa waya wa friji.

Chagua jina moja kwa kila kitu na ulitumie kila mahali, hata sentensi ikikosa utamu: oili, petroli, swichi ya injini, swichi ya kubadilishia, plagi ya cheche, plagi ya waya. Neno "mafuta" lifutwe kabisa. Tumia kitufe cha kutafuta cha programu uhakiki kwamba halikubaki.

Kisha amua maneno yapi yanastahili kuingia. Vigezo viwili vinatosha: msomaji hawezi kulijua kwa kuangalia mashine, au mtaani lina jina jingine. Kila ingizo liseme kitu ni nini, kiko wapi kwenye mashine, na kwa maneno yasiyohitaji faharasa nyingine. Mfano:

Bomba la moshi. Sehemu inayotoa moshi wa injini, upande ulio kinyume na kamba. Hupata joto kali. Kwa mafundi: sailensa, ekzosi.

Choki. Kishikio kidogo kando ya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa. Choki ikifungwa, injini hupata hewa kidogo na petroli nyingi kuliko kawaida, na huwaka kirahisi ikiwa baridi.

kVA na kW. Vipimo vya uwezo wa jenereta. Kwenye jenereta hii, 2.5 kVA ni sawa na 2 kW. Kwa kujumlisha vifaa vyako tumia kW.

Sailensa. Angalia *Bomba la moshi*.

Swichi ya kubadilishia. Swichi kubwa ukutani inayotenga umeme wa jenereta na wa laini ya mtaani. Hufungwa na fundi umeme. Kwa mafundi: chenjiova.

Tazama ingizo la sailensa. Msomaji huja na neno lake la mtaani, si lako, kwa hiyo lazima alikute kwa herufi yake ya alfabeti na lielekeze kwenye neno la kijitabu. Bila maingizo hayo, faharasa inawafaa tu wanaojua tayari. Ile sentensi ya choki iliyokuwa imekwama katikati ya hatua nayo imepata makazi.

Isipokuwa jambo moja. Neno ambalo mtu akilikosea ataumia lisiachiwe faharasa. Kaboni monoksidi limeelezwa ndani ya kisanduku chenyewe, "gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka", kwa sababu hakuna atakayefungua ukurasa wa mwisho huku jenereta inanguruma.

## Jaribu na mtu asiyeijua

Mpe kijitabu mtu ambaye hajawahi kumiliki jenereta, kiwe kimechapwa kwa ukubwa halisi. Usimwambie akisome. Muulize maswali ya mtu aliyesimama kando ya mashine: petroli imeisha katikati ya mechi, ufanye nini kwanza? Injini imevutwa mara kumi haiwaki, unaangalia ukurasa upi? Mvua inanyesha, naweza kuiingiza barazani?

Kaa kimya na uangalie kidole chake. Kikipita juu ya kichwa sahihi bila kusimama, kichwa hicho hakisemi lugha yake. Akirudi ukurasa wa mwanzo mara mbili, yaliyomo hayatoshi. Akisoma hatua kwa sauti kisha akauliza "hii ndiyo ipi?" huku ameshika sehemu ya mashine, unahitaji mchoro wenye namba za sehemu au jina bora. Na kwenye swali la baraza, jibu sahihi likimchukua zaidi ya pumzi chache, kisanduku cha HATARI kihamishiwe ukurasa wa kwanza, juu ya yaliyomo, na nakala yake ibaki palepale kilipokuwa.